Shingo imekaza kwa ajili ya simu: tafuta chanzo kwa kufuata dalili

Malalamiko ya shingo za watu wa simu hufanana sana. Mmoja anasema haigeuki upande wa kulia. Mwingine ana moto katikati ya makombe ya mabega. Wa tatu anaumwa kichwa kinachoanzia kisogoni kila ikifika jioni. Wote wameshajinyoosha, wameshapaka dawa ya kuchua, wamepata nafuu ya nusu saa, kisha hali imerudi palepale. Ninafanya kazi ya fiziotherapia, na swali ninalokutana nalo zaidi ni hilo: mbona inarudi?

Kabla hujasoma dalili yako, hakikisha kwanza kwamba huna moja ya hizi.

Usijaribu chochote hapa, nenda hospitali leo hii, ikiwa:

- shingo imekaza pamoja na homa, kichwa kinauma vibaya, na mwanga unakusumbua macho (huenda ni homa ya uti wa mgongo);
- maumivu yameanza baada ya kuanguka, ajali, au pigo la kichwa;
- maumivu makali ya shingo au kichwa yamekuja ghafla, tena ya aina usiyoijua, hasa yakiambatana na kizunguzungu, kuona vitu viwiliviwili, uso kupinda au maneno kukwama;
- mikono imekuwa mizito kwa kazi ndogo kama kufunga vifungo, miguu inayumba ukitembea, au umeanza kushindwa kuzuia haja;
- maumivu ya mgongo wa juu, taya au mkono huja ukipanda ngazi na kutulia ukipumzika, au yanakuja na jasho na kukosa pumzi. Huo unaweza kuwa moyo, na moyo haujali kwamba jana ulishinda na simu.

Mtu aliyewahi kuugua saratani, anayepungua uzito bila sababu, au anayeamshwa na maumivu usiku ambayo hayabadiliki hata akigeuka vipi, naye aanzie kwa daktari.

## Kinachotokea ukiinama

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Kikikaa wima juu ya pingili saba za shingo, mifupa ndiyo inayokibeba, na misuli kazi yake ni kusawazisha tu. Kikienda mbele, hesabu inageuka. Chukua ndoo yenye maji kidogo uishike karibu na tumbo, kisha unyooshe mikono mbele nayo. Maji hayajaongezeka, ila mabega yatakuambia vingine. Misuli ya nyuma ya shingo hufanya kazi hiyohiyo kila unapoangalia simu iliyo mapajani.

Mwaka 2014 Kenneth Hansraj, daktari mpasuaji wa uti wa mgongo wa New York, alikokotoa kwa modeli ya kompyuta kwamba kichwa kikiinama nyuzi 60, shingo hupata mzigo wa kama kilo 27. Picha za hesabu hiyo zimezagaa kila mahali. Mimi sizitumii sana. Kwanza ni hesabu ya modeli, haikupimwa kwenye shingo ya mtu. Pili inakufanya uogope pembe na usahau muda. Anayeinama nyuzi 60 kufunga kamba za viatu haumii kitu. Anayeinama nyuzi 30 kwa saa moja na nusu, bila hata kugeuza kichwa, huyo ndiye anayekuja kliniki.

Muda unaumiza kwa njia mbili, na ukizijua utaelewa shingo yako vizuri zaidi.

Ya kwanza ni misuli kukosa nafasi ya kulegea. Msuli hupata damu vizuri unapokaza na kuachia, kukaza na kuachia. Ukikaza kidogo tu lakini usiachie, mishipa midogo ya damu iliyo ndani yake inabanwa, na baada ya muda msuli unachoka na kuanza kuuma. Hii ni ile inayouma ukiwa bado umeinama.

Ya pili ni ya kificho. Ukiinama mpaka mwisho, kidevu kikakaribia kifua, misuli ya nyuma ya shingo hunyamaza kabisa. Kazi inakabidhiwa kano zinazounganisha pingili, nazo hazina uwezo wa kukaza, zinaning'inia tu na kuvutika polepole. Kwa hiyo husikii kitu. Unaweza kukaa hivyo filamu nzima. Maumivu yanakuja ukiinua kichwa, pale misuli inapoitwa ghafla kusaidia kano zilizolegea.

Basi jiulize swali moja: inauma *ukiwa umeinama* au *ukiinuka*? Kama ni ukiwa umeinama, tatizo lako ni mzigo ambao haujaegemezwa mahali. Kama ni ukiinuka, umekwenda chini sana kwa muda mrefu mno.

## Dalili ya 1: Shingo imekaza upande mmoja, kugeuka kunagoma

Hii ndiyo ninayoiona zaidi. Kwa kawaida mwenye msuli uliochoka upande wa kulia ndiye anayeshindwa kugeuka kulia, na akibonyeza kona ya juu ya kombe la bega, upande wa ndani, anaruka. Hapo ndipo unaposhikia msuli unaoinua bega. Umetoka kwenye pingili nne za juu za shingo, umeshuka mpaka kwenye kona hiyo, na kila mkono unaoning'inia na simu hewani unauvuta.

Vyanzo, kuanzia cha kawaida zaidi:

1. Kushika simu kwa mkono uleule bila kiwiko kuegemea popote.
2. Kukaa umeegemea upande, simu ikiwa kushoto au kulia badala ya mbele.
3. Kubana simu kati ya sikio na bega ili mikono ifanye kazi nyingine. Dakika kumi za hili zinatosha kuharibu siku.
4. Kulala na shingo imepinda, ukaamka haigeuki kabisa. Hii huanza ghafla na mara nyingi huachia yenyewe ndani ya siku chache hadi wiki moja.

Jipime. Kaa, geuza kichwa kulia taratibu, angalia kidevu kimefika wapi. Sasa mwambie mtu ashike kiwiko chako cha kulia akisukume juu kidogo, bega lipande bila wewe kulipandisha (ukiwa peke yako, weka mkono juu ya mito iliyorundikwa). Geuka tena. Ukienda mbali zaidi kuliko mwanzo, basi msuli huo ndio unaokushika, kwa sababu bega lilipopanda ulipata nafasi. Isipobadilika kitu, huenda kinachogoma ni viungo vidogo vya pingili zenyewe, na hapo mikono ya mtaalamu inaweza kusaidia kuliko kujinyoosha.

Nitoe mfano wa mama mmoja wa miaka thelathini na kitu, ambaye kazi yake ni kujibu wateja kwa meseji kutwa nzima. Alikuja na shingo iliyokuwa ikigoma kulia kwa miezi miwili. Kidevu kilifika nusu ya njia, kushoto kilikwenda mpaka mwisho. Alikuwa amefundishwa kuvuta kichwa kwa mkono kuelekea kwapa la kushoto, na alikuwa akivuta kwa nguvu mara kumi kwa siku. Nilipoinua kiwiko chake, shingo iligeuka karibu yote.

Kwa hiyo msuli haukuwa mfupi. Ulikuwa umechoka kwa kuvutwa siku nzima, na yeye akawa anauongezea mvuto. Kila alipovuta alipata nafuu ya dakika chache, kisha akarudi kwenye kiti kilekile chenye mkono mmoja wa kuegemea, uliokuwa upande wa kushoto. Mkono wa kulia, wenye simu, ulikuwa hewani saa sita kwa siku. Ukimtazama mtu wa kilo 70, mkono wake mmoja mzima una uzito wa kilo 3 na nusu hivi. Uzito wa simu si kitu hapo, mzigo ni mkono wenyewe.

Tulifanya mambo matatu tu, na moja kati ya hayo lilikuwa kuacha.

Aliacha kuvuta kichwa. Badala yake aligeuza shingo kulia na kushoto polepole mpaka inapoanza kukataa, bila kusukuma, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Kabla ya zoezi la jioni aliweka kitambaa chenye maji ya moto (yanayovumilika, yasiyounguza) juu ya bega kwa dakika 15.

Pili, aliweka mto mnene mapajani na kukalisha viwiko vyote viwili juu yake. Simu ikapanda yenyewe mpaka usawa wa kifua. Si lazima ifike usawa wa macho. Macho yanaweza kuteremka nyuzi 20 hivi bila kichwa kufuata, na mtu anayeinua simu mpaka usoni bila kuegemeza viwiko amehamisha tu tatizo kutoka shingoni kwenda mabegani. Ukiwa umesimama, kunja mkono mmoja kifuani, weka kiwiko cha mkono wenye simu juu ya ngumi ya mkono huo. Inaonekana kama pozi la picha, lakini inabeba.

Tatu, baada ya wiki ya kwanza, alianza kumpa msuli kazi ya kweli: kupandisha mabega taratibu akiwa ameshika chupa ya maji ya lita moja na nusu kila mkono, kushusha taratibu zaidi, mara 10, mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki. Wengi hushangaa hapa. Wanauliza, msuli umechoka halafu unaubebesha? Ndiyo. Kukaza na kuachia ndicho kile ulichokosa siku nzima.

Siku ya tano alikuwa akigeuka robo tatu. Wiki ya tatu pande zote mbili zilikuwa sawa. Alirudi tena baada ya miezi michache, shingo ileile. Alikuwa amebadilisha kiti na mto umebaki nyumbani.

Simama hapa: ukivuta au kugeuza kichwa na maumivu yakashuka mkononi kama umeme, acha zoezi na uende kwenye dalili ya 5.

## Dalili ya 2: Moto kati ya makombe ya mabega

Huanza baada ya nusu saa au zaidi, unajikunja, unajinyoosha, unapata raha kidogo, unarudi kwenye simu, na moto unarudi.

Chanzo cha kawaida ni mabega yaliyokuja mbele. Mikono ikikutana mbele ya kifua kushika simu, makombe ya mabega hutengana, na misuli iliyo katikati inakaa imevutika huku ikijaribu kuyazuia yasiende zaidi. Kwa sababu hiyo kujikumbatia na kuvuta mgongo kunaleta raha isiyodumu: unavuta kilichokwisha kuvutwa. Kinachohitaji kufunguliwa ni kifua. Lala chali sakafuni, kunja taulo iwe kama gogo jembamba, iweke kwa upana chini ya mgongo usawa wa makombe, tupa mikono pembeni, na ukae dakika mbili ukipumua kawaida. Baadaye ongeza zoezi la kuvuta mpira wa mazoezi kuelekea mbavuni kama anayepiga kasia, mara 10 hadi 15, mizunguko miwili au mitatu.

Chanzo cha pili hakiko mgongoni kabisa. Pingili za chini za shingo zikiwa na tatizo, maumivu yake husikika kando ya kombe la bega, na mtu huchuliwa mgongo kwa wiki kadhaa bila faida. Jipime hivi: tazama juu darini, kisha geuza kichwa upande unaouma. Kama moto wa mgongoni umewaka kwa kusogeza *shingo*, tibu shingo.

Na kuna cha tatu, nadra lakini kinafaa kujulikana. Maumivu chini ya kombe la kulia yanayokuja baada ya mlo wenye mafuta mengi yanaweza kuwa ya kibofu cha nyongo. Hayo hayahusiani na namna ulivyokaa, na hakuna zoezi litakaloyaondoa.

## Dalili ya 3: Kichwa kinachoanzia kisogoni

Chini ya fuvu, pale shingo inapoungana na kisogo, kuna misuli mifupi inayoinua kidevu. Mtu akisogeza kichwa mbele kama kobe ili asome, mgongo umepinda lakini uso lazima utazame skrini, kwa hiyo misuli hiyo inakaza muda wote. Neva za pingili tatu za juu za shingo hupeleka habari mahali pamoja na neva za uso, ndiyo maana maumivu ya kisogo hupanda mpaka nyuma ya jicho.

Hapa anza na macho, si shingo. Ongeza ukubwa wa maandishi kwenye simu kwa hatua mbili na uutumie hivyo siku tatu. Kichwa kikipungua, ulikuwa unaifuata skrini kwa sababu huoni vizuri, na unachohitaji ni kupimwa macho. Wenye miwani ya lenzi mbili wajiangalie zaidi: ili kusoma kwa sehemu ya chini ya lenzi, wanainua kidevu bila kujua.

Kama macho ni mazima, fanya hivi. Lala chali bila mto, vuta kidevu kidogo kuelekea kooni kama anayetengeneza kidevu cha pili, shikilia sekunde 5, achia, rudia mara 10. Isiume. Zoezi hili linaamsha misuli ya mbele ya shingo, ile iliyo ndani kabisa, ambayo kwa watu wengi wenye maumivu ya shingo huwa imezembea.

Tahadhari kuhusu dawa: anayemeza parasetamoli au aibuprofeni siku 15 au zaidi kila mwezi, miezi mitatu mfululizo, anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa yenyewe. Ukifika huko, zungumza na daktari namna ya kuacha.

## Dalili ya 4: Asubuhi tu

Kama shingo inauma asubuhi na inaachia kabla ya saa sita mchana, tazama kitanda. Mito miwili iliyorundikwa ili uione simu, halafu usingizi ukakukuta hapohapo, umekulaza kwa muda wa saa saba kidevu kikiwa kifuani. Simu itazamwe ukiwa umeketi, na ukilala ubaki na mto mmoja unaojaza nafasi kati ya sikio na bega ukilala ubavu. Wanaolala kifudifudi wana shingo iliyogeuzwa upande mmoja usiku kucha, na hao sina la kuwaambia isipokuwa wajaribu ubavu.

## Dalili ya 5: Ganzi, umeme au udhaifu mkononi

Hapa kazi yako ni kutambua, matibabu yana wenyewe. Angalia ni vidole vipi.

Kidole kidogo na cha pembeni yake vikifa ganzi wakati umeshika simu, mara nyingi tatizo ni kiwiko. Kukikunja sana kwa muda mrefu hubana neva inayopita nyuma yake. Nyoosha mkono, badilisha mkono, tumia spika ya simu. Ikiisha ndani ya dakika chache na isirudi ukikaa bila kukunja, umepata jibu.

Kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, huelekeza zaidi kwenye kifundo cha mkono.

Ikianzia shingoni na kushuka, ikizidi ukitazama juu na kugeukia upande unaouma, na ikipungua ukiweka kiganja juu ya kichwa, basi neva inabanwa shingoni. Usijinyooshe shingo, na usikubali mtu akuzungushe kichwa ili kisikike "kwa". Fika kwa daktari ndani ya siku chache. Kama mkono umeishiwa nguvu, vitu vinadondoka au huwezi kuuinua, ni leo.

Kwa dalili nyingine zote, ukirekebisha viwiko na muda kwa wiki sita bila mabadiliko yoyote, muone mtaalamu. Huenda ukapigwa eksirei, na huenda ripoti ikaandika kwamba mpindo wa kawaida wa shingo umenyooka. Wengi huja na karatasi hiyo wakitetemeka. Shingo iliyonyooka kwenye picha huonekana pia kwa watu wasioumwa chochote, na wakati mwingine ni misuli iliyokaza tu siku ya kupigwa picha. Muulize daktari swali moja: je, kilichoonekana kinalingana na upande unaouma na vidole vinavyokufa ganzi?